Hasara Kubwa Iko Wapi

Mimi mtu akinitendea wema ambao sikumwomba, kwanza namtazama mikono. Anashika nini? Anaficha nini? Watu husema Joanita ana roho mbaya. Waseme. Biashara ya mawese imenilisha mimi na watoto wangu Rumonge hapa, na ungekuwa wewe unayauza, ungetazama mikono pia.

Nayavusha mwenyewe hayo mawese mpaka Kigoma, kwa boti yangu ya mbao. Jina lake Murakoze, yaani asante kwa Kirundi. Nimekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, kwa hiyo upande ule nina wateja na lugha, na upande huu nina mashamba ya jamaa. Boti ndiyo inayounganisha. Ukiiondoa boti, mimi ni mwanamke mwenye bido tupu, madumu yasiyo na kitu, sokoni.

Sasa siku hiyo niko sokoni kweli, najaza bido za watu, simu ikalia. Wakili wangu, Boaz, kutoka Kigoma.

"Mama Joanita, dalali wa mahakama ameshika boti."

"Dalali gani? Si nimekata rufaa?"

"Umekata."

"Basi hukumu si imelala?"

Akauliza polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Nani alikwambia inalala?"

Hakuna aliyeniambia! Ndivyo tunavyojua huku. Burundi mtu akienda appel, yaani akikata rufaa, kwa kawaida hukumu inangoja mpaka wakubwa wasikilize, labda jaji awe ametamka kwamba itekelezwe mara moja. Nilipokata rufaa Kigoma nikarudi zangu Rumonge nikalala usingizi. Kumbe Tanzania rufaa peke yake haizuii kitu. Lazima uombe kabisa kwamba utekelezaji usimame, na mimi sikuomba, na Boaz alidhani nimesafiri kutafuta fedha za kulipa. Mjinga mimi, mjinga yeye. Boti imefungwa mnyororo ufukweni Kibirizi, na tangazo la mnada limeshabandikwa.

Bora nieleze kesi yenyewe. Silvano wa Magara, mnunuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, ameoa binamu yangu, kwa hiyo ni shemeji. Alinipa shehena ya mawese nimpelekee Kigoma. Nikiwa katikati ya ziwa akanipigia simu: "Mupe Tarsisi, atakungojea Kibirizi." Nikampa Tarsisi. Karatasi? Na shemeji yako unaandikiana karatasi? Baadaye Silvano akaenda mahakama ya Kigoma kusema mawese hayakufika, nimeyauza nikala. Nikamtaja Tarsisi. Silvano akainua mkono akaapa: "Tarsisi? Mimi simujui huyo mutu." Tarsisi mwenyewe tulimtafuta, hakuonekana. Hakimu angefanya nini? Akamwamini aliyekuwa na wakili mzuri wa kumfundisha kunyamaza, na shahidi mwenye suti. Tangu hapo makaratasi yanamwita Silvano mshinda tuzo, utadhani amefunga goli.

Nikapanda basi dogo la Nyanza-Lac, nikavuka mpaka pale Mugina, nikafika Kigoma na vumbi mpaka kwenye kope. Boaz alikuwa ameshaandaa maombi ya kwenda Mahakama Kuu.

"Jaji ataangalia mambo matatu," akasema. "La kwanza, kama umechelewa kuomba bila sababu. Hilo tutaeleza, na tunakimbia. La pili, kwamba hukumu ikitekelezwa sasa utapata hasara kubwa. La tatu, dhamana. Uweke kitu kwamba ukishindwa rufaa, Silvano atalipwa chote alichopewa na hukumu, bila kukimbizana na wewe."

"Hasara si inaonekana? Boti yangu inauzwa!"

"Jaji atasema boti ni fedha, na fedha hurudishwa. Lazima tumwonyeshe kwamba hapa hazitarudi. Silvano anaishi wapi?"

"Magara."

"Burundi. Ana mali yoyote Tanzania?"

"Hana ninayoijua."

"Basi apa hivyo. Akilipwa leo, fedha zinavuka mpaka. Ukishinda rufaa kesho, utamkamatia wapi? Hiyo ndiyo hasara kubwa."

Kikaandikwa kiapo. Nikasomewa: kwa kadiri ninavyojua, mjibu maombi hana mali wala makazi nchini, na hataweza kurudisha fedha. Nikaiweka kalamu chini kwanza. Ukimsema shemeji mwizi, watu watacheka na yatapita. Ukimsema hana kitu, tena mbele ya serikali, umemvua nguo. Lakini ilikuwa kweli kwa kadiri nilivyojua, na boti yangu imefungwa mnyororo. Nikatia sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Jaji akatoa amri ya muda kwamba mnada usimame mpaka pande zote zisikilizwe.

Ikabaki dhamana. Benki walipotaja wanachotaka ili waniandikie udhamini nikacheka nikatoka. Nikarudi Rumonge, nikaenda kukaa pale ninapokaa siku zote mchana, dukani kwa Hindu.

Hindu ni jina lake tu; ni mwanamke wa wale Waarabu wa zamani, babu zao walitoka Omani, lakini kwa Kirundi anatukana vizuri kuliko mimi. Ana duka la sukari, sabuni na mafuta ya kujipaka. Nyuma ya kaunta kuna kigoda, na miaka yote kile kigoda ni changu. Nakaa, ananipa kahawa, tunawasema watu. Siku hiyo nikamweleza yote, kiapo, jaji, dhamana. Akasikiliza huku anafunga sukari.

"Iko nyumba ya marehemu baba, Ujiji," akasema. "Hati iko kwa jina la kaka yangu Nawaf, yeye ni raia kule. Mwambie wakili wako Nawaf ataapa, ataweka hati mahakamani."

Hivyo tu. Bila kuombwa.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Boti yako ikiuzwa, nani ataniletea sabuni ya Kigoma?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu anaweka nyumba ya baba yake kwa ajili ya sabuni? Nikamtazama mikono. Ilikuwa inafunga sukari tu, lakini usiku ule na siku zilizofuata akili yangu haikutulia. Anataka nini huyu? Labda nikishindwa, ataidai boti. Labda nyumba ina rehani, jaji agundue, maombi yatupwe. Labda Nawaf hajui lolote. Nikampigia Boaz, nikamwambia asiandike kwanza jina la Nawaf.

"Mama, dhamana ndiyo roho ya maombi," akasema.

"Ngoja nichunguze."

"Unachunguza nini?"

Nikakata simu.

Kisha nikaona nilichokuwa natafuta. Natoka sokoni, napita pale mabasi ya Bujumbura yanapopakia, nawaona Hindu na Silvano mlangoni pa duka lake. Silvano! Ameshika karatasi za mahakama, zile alizopelekewa. Hindu amemwegemea sikioni, anasema maneno, kisha anacheka mpaka anashika ubavu. Silvano shingo imemvimba. Waliponiona wakanyamaza wote wawili. Silvano akatema mate chini, akapanda basi.

Damu ikanipanda kichwani. Niliingia dukani kwa Hindu na wateja wamejaa.

"Mnacheka nini na adui yangu?"

"Joanita, ngoja nitoe hawa watu, nikuambie."

"Singoji! Ndiyo maana nyumba umeitoa haraka. Mmepanga. Nishindwe, yeye achukue fedha, wewe uchukue boti. Umenilisha kahawa miaka yote hii ukiisubiri boti yangu!"

"Joanita."

"Nyumba ya Ujiji kaa nayo! Mwambie na kaka yako akae nayo!"

Mama mmoja aliyekuja kununua sabuni akaweka sabuni chini akatoka. Hindu hakupandisha sauti. Alikuwa ameshika kijiko cha kupimia sukari, akakirudisha ndani ya gunia, akafunika gunia. Nikatoka nimevimba, nimeridhika. Nilijisemea, sasa nimewajua.

Kwa hiyo siku ya kusikilizwa nilikwenda Mahakama Kuu mikono mitupu. Boaz aliponisikiliza koridoni akavua miwani.

"Umemfukuza mdhamini?"

"Ni mtu wa Silvano."

"Una ushahidi?"

"Nimewaona kwa macho yangu."

"Umewaona wakifanya nini?"

"Wanacheka."

Akavaa miwani. "Nitatoa ahadi kwa niaba yako kwamba dhamana italetwa. Jaji anaweza kukubali ahadi, akatupa muda. Lakini muda ukiisha na hakuna kitu, amri inakufa na boti inauzwa. Umenielewa?"

Nilimwelewa.

Silvano akaingia peke yake. Nikashangaa. Yule wakili wake mzuri yuko wapi? Amevaa koti jipya, viatu vinang'aa, ameketi katikati ya benchi amepanua magoti. Nikaanza tena kushuku: amehonga nani huyu, mpaka haogopi kuja bila wakili?

Boaz akaongea. Hatukuchelewa kwa makusudi, mwombaji alidhani rufaa inazuia kama ilivyo kwao, na alipojua alikuja mbio. Mjibu maombi ni mkazi wa Burundi, hana mali inayojulikana nchini, akilipwa hatarudisha. Mwombaji anaahidi kutoa dhamana ya kiasi chote cha hukumu.

Jaji, mama mmoja mwenye sauti ndogo, akamgeukia Silvano. "Kiapo chako kinzani, aya ya nne, unasema wewe ni mtu mwenye mali na unaweza kurudisha fedha ukitakiwa. Hujasema mali gani. Unataka kufafanua?"

Silvano akasimama. Hakumtazama jaji. Alinitazama mimi.

"Muheshimiwa, huyu mwanamuke ameapa mimi masikini. Mimi! Rumonge yote wananicheka. Kwa duka la sabuni wananicheka, kwa basi wananicheka. Mimi niko na pirogi tatu za kuvua ndagala kule Magara. Na hapa Kigoma, anasema sina kitu? Hapa hapa Kibirizi niko na depo ya mawese! Miaka yote niko nayo! Aende aulize Tarsisi, ndiye ananiangalilia!"

Boaz alikuwa ameanza kuandika, kalamu ikasimama hewani. Kisha akainuka taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mheshimiwa Jaji, tunaomba maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu. Pamoja na jina."

"Yameingia," jaji akasema. Alikuwa bado anaandika.

Mama wee! Nilitaka kuruka. Simujui huyo mutu! Aliyeapa hamjui ndiye mtunza depo yake! Nilimshika Boaz joho. Silvano mwenyewe alikuwa bado amesimama kifua mbele, hajajua alichofanya. Alidhani ameshinda, ameshajitoa kwenye umaskini.

Lakini jaji akaweka kalamu chini.

"Wakili Boaz. Kama mjibu maombi aliwahi kusema vingine mahakama ya chini, hilo ni la rufaa. Mtaomba huko kuleta ushahidi wa nyongeza, kama mtaona inafaa. Leo niko kwenye maombi ya kusimamisha utekelezaji. Umeniambia hana mali Tanzania, hataweza kurudisha fedha. Yeye anasema ana depo hapa Kibirizi, na wewe umeomba niiandike. Basi hasara kubwa iko wapi?"

Furaha ikanitoka yote. Maneno yaleyale yaliyomnasa Silvano yalikuwa yananinyang'anya boti.

Boaz alikunywa maji. Namsifu, hakutetemeka. Akasema, mosi, depo imetajwa kwa mdomo, hakuna hati hata moja mbele ya mahakama. Pili, hasara ya huyu mama si fedha peke yake. Boti hii ndiyo kazi yake. Ikinunuliwa mnadani na mtu baki aliyenunua kihalali, hata rufaa ikifaulu hataweza kumnyang'anya, na kufikia hapo wateja na riziki vimekwisha. Hakuna fedha ya kurudisha hayo. Tatu, dhamana ikiwekwa, mjibu maombi hapotezi chochote kwa kungoja.

Jaji akatafakari, akaandika, akatafakari tena. Uamuzi aliusoma mchana. Hoja ya kutoweza kurudisha fedha aliiweka pembeni. Hasara ya boti akaikubali. Utekelezaji usimame mpaka rufaa iamuliwe, kwa sharti kwamba mwombaji aweke dhamana ya kiasi chote ndani ya siku thelathini. Dhamana ikipokelewa na msajili, boti ifunguliwe ifanye kazi. Isipowekwa, amri hii imekufa yenyewe na mnada uendelee.

Nje, Silvano alikuwa ameshaelezwa na mtu alichokisema mle ndani. Alikuja kunisimamia mbele, jasho limelowesha koti jipya.

"Ni yule Hindu wako!" akafoka. "Ndiye alinianza! Kila nikishuka basi: Silvano, Joanita ameapa wewe masikini. Silvano, masikini anabebwa na wakili, mwenye mali anasimama mwenyewe anasema alicho nacho. Ananicheka mbele ya watu! Nikamufukuza wakili. Nikasema nitawaonyesha!"

Niliketi kwenye ngazi za mahakama. Boaz alikuwa anazungumza juu ya ushahidi wa nyongeza, ana furaha, anasema rufaa sasa ina meno. Nilikuwa namwona Hindu akirudisha kijiko ndani ya gunia. Ngoja nitoe hawa watu, nikuambie. Nilikuwa nimemkata kauli mbele ya Rumonge nzima.

Sikwenda kwa mtu mwingine. Kwenda kwa nani? Nilivuka Mugina nikafika Rumonge asubuhi, nikaenda moja kwa moja dukani na nguo za safari. Hindu alikuwa anapanga sabuni.

"Amahoro, Hindu."

"Amahoro."

Nikamwambia yote. Alichosema Boaz, alichosema Silvano, jaji, siku thelathini. Nikamwambia nilikosa. Nililia, sifichi, nililia mpaka kamasi, nikamwambia anipige hata kofi. Aliendelea kupanga sabuni, moja juu ya moja, anazinyoosha.

"Ulijuaje kwamba atasema?" nikauliza.

"Sikujua. Nilimjua tu Silvano. Wewe uliniambia wakili wake ndiye aliyemfundisha kunyamaza. Nikasema, basi asiwe na wakili." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Nilitaka kukuambia siku ile. Uliniona nacheka. Nilikuwa nacheka kwa ajili yako."

"Nyumba ya Ujiji..."

"Nawaf alishaapa. Tangu wiki ile. Hati ilikuwa tayari, anangojea wakili wako amwite. Nitampigia leo, ataipeleka kwa msajili. Boti yako itafunguliwa."

Nilitaka kumkumbatia. Nikazunguka kaunta kama nilivyozoea, nikafika pale penye kigoda. Juu yake palikuwa na gunia la mchele. Gunia zito, limekaa vizuri, halikuwekwa kwa bahati mbaya. Nikamtazama Hindu, nikangoja aseme nilishushe.

"Nyuma ya kaunta wateja hawaingii," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ileile anayowaambia watu wote.

Nikarudi upande wa mbele. Nikasimama pale wanaposimama wote, mikono juu ya mbao.

"Haya, mama," Hindu akasema, akachukua kijiko cha sukari. "Nikupimie ngapi?"